Sumaku ya silinda na solenoidi fupi: zinapofanana na zinapoachana

Swali: Nina sumaku ya neodimiamu ya silinda, kipenyo mm 10, urefu mm 10. Muuzaji kaandika N42, Br tesla 1.3. Nikigusisha kipimo katikati ya uso wake napata tesla 0.52 tu. Kitabu kinasema sumaku hii ni sawa na solenoidi ya umbo lilelile. Sasa hiyo 1.3 iko wapi, na mkondo wa kuifanya solenoidi unapita wapi? Tena kitabu hichohicho kinasema ndani ya sumaku H inaelekea kinyume, jambo ambalo kwenye solenoidi halipo. Usawa gani huo?

Jibu: Kitabu kiko sahihi, na kipimo chako pia kiko sahihi. Usawa unaosemwa ni wa B peke yake, yaani ule uga unaoupima kwa tesla. B ya sumaku yako na B ya solenoidi ya vipimo hivyohivyo zinalingana kila mahali, nje na ndani. H zinalingana nje tu. Ukivuka kuingia ndani zinaachana, na kila moja inashika njia yake. Ukilishika hilo, mengine ni hesabu.

Tuanze na mkondo. Chukua daftari la hesabu lenye vimraba, uchukulie ukurasa mmoja kuwa sumaku iliyokatwa kwa upande, ukiitazama toka juu. Ndani ya kila kimraba chora mshale unaozunguka kinyume cha saa. Huo ndio mkondo mdogo wa atomi. Sasa weka kidole kwenye mstari mmoja wa katikati ya ukurasa. Kimraba cha kushoto kinapitisha mkondo kwenda juu kwenye mstari huo, na kimraba cha kulia kinapitisha mkondo uleule kwenda chini. Kama atomi zote zina nguvu sawa, mikondo hiyo miwili inafutana kabisa. Fuata mstari wowote wa ndani, utakuta hivyo hivyo. Ila ukifika ukingoni mwa ukurasa, kimraba cha mwisho hakina jirani wa kukifuta. Kinachobaki ni mkondo mmoja unaozunguka ukingo wote.

Huo ndio mkondo fungamani, yaani mkondo uliofungamana na atomi na usioweza kutolewa kwa waya. Kwa lugha ya hesabu:

```
J_b = ∇ × M        (ndani ya ujazo)
K_b = M × n        (juu ya uso; n inaelekea nje)
```

Usumakishaji M wa sumaku yako uko sare na unafuata mhimili, kwa hiyo J_b ni sifuri. Kwenye nyuso mbili za mwisho, M na n ziko kwenye mstari mmoja, kwa hiyo na pale hakuna mkondo. Kwenye ubavu M na n ziko pembemraba, na K_b inakuwa M kamili, ikizunguka silinda kama waya uliofungwa bila nafasi. Wengi huutafuta mkondo huu kwenye nyuso za ncha kwa sababu ndiko "nguzo" zilipo. Haupo huko.

Kiasi chake ni hiki. M ni Br ikigawanywa kwa konstanti ya sumaku μ0, yaani 1.30 ÷ (4π × 10⁻⁷), ambayo ni kama amperi 1,034,500 kwa kila mita ya urefu. Sumaku yako ina urefu wa mita 0.01, kwa hiyo ubavu wake wote unabeba amperi 10,345. Kuona ukubwa wa namba hiyo, jaribu kuijenga kwa shaba. Waya wa koili wa mm 0.5, ukihesabu na vanishi yake, unafika kama mm 0.55, na kwenye urefu wa mm 10 inaingia mizunguko 18 kwa tabaka moja. Kila mzunguko ungehitaji amperi 575. Waya huo wote una urefu wa kama sentimita 57 na ukinzani wa ohmu 0.05, kwa hiyo joto lingekuwa zaidi ya kilowati 16 kwenye kitu kisichozidi ncha ya kidole. Waya ungeyeyuka papo hapo. Sumaku inabeba mkondo huohuo miaka nenda miaka rudi bila kupata joto, kwa sababu hakuna elektroni hata moja inayouzunguka ubavu mzima. Kila moja imebaki kwenye atomi yake, na sehemu kubwa ya usumaku huu inatoka kwenye spini. Mkondo wa ubavuni ni jumla inayobaki baada ya kufutana, lakini B inayotoka kwake ni halisi kabisa.

Sasa ile 1.3. Br si uga unaoupima usoni. Ni μ0 mara M, sifa ya mada yenyewe. B ingefika 1.3 ndani ya sumaku kama silinda ingekuwa ndefu mno kuliko kipenyo chake, au kama chuma laini kingezifunga ncha zake kabisa bila kuacha nafasi. Ni kosa lilelile la kuchukua B = μ0·N·I/L, kanuni ya solenoidi ndefu yenye mizunguko N, mkondo I na urefu L, na kuipachika kwenye koili ambayo urefu wake ni sawa na kipenyo. Kwa solenoidi fupi, na kwa hiyo kwa sumaku fupi, uga kwenye mhimili unapatikana hivi. Hapo R ni nusukipenyo, L ni urefu, x ni umbali toka usoni, na x hasi ina maana uko ndani:

```python
from math import sqrt

def B(x, R, L, Br):
    a = x + L
    return Br/2 * (a/sqrt(a*a + R*R) - x/sqrt(x*x + R*R))

for x in (-5, 0, 0.5, 5, 10, 20):
    print(x, round(1000 * B(x, 5, 10, 1.30)), "mT")
```

Kwa sumaku yako, katikati kabisa ya mwili B ni tesla 0.919. Usoni ni 0.581. Ukisogea mm 5 toka usoni inashuka hadi 0.157, mm 10 inakuwa 0.049, na mm 20 inabaki 0.011 tu. Kwa hiyo hakuna mahali popote kwenye mhimili panapofika 1.3, na hapatakiwi kufika. Ukitaka kutumia mistari hiyo kwa koili, mahali pa Br andika μ0·N·I/L. Hakuna kingine cha kubadilisha.

Lakini wewe ulipata 0.52, si 0.58. Tazama thamani ya x = 0.5: inatoka militesla 522. Kipande kinachohisi hakikai juu ya ngozi ya kihisi cha Hall kilichomo kwenye kipimo chako. Kimezikwa ndani ya plastiki, mara nyingi kwa nusu milimita au zaidi kidogo. Kwenye sumaku ya mm 10, nusu milimita hiyo inakula asilimia kumi ya usomaji. Ndiyo maana nisingetumia kipimo cha kugusisha usoni kuamua kama sumaku ni N42 kweli au la. Weka kipande cha plastiki cha unene unaojulikana, mm 5 au mm 10, upime hapo. Bado uga unashuka haraka, kwa hiyo ongeza kwenye x ile nusu milimita ya ndani ya kihisi kila mara.

Tuje kwenye H. Fasili yake ni H = B/μ0 − M. Ndani ya koili ya hewa hakuna M, kwa hiyo H na B zinaelekea upande mmoja. Ndani ya sumaku yako, katikati, B ni 0.919 na μ0·M ni 1.30, ukitoa unabaki na −0.381, yaani H ni kama kiloamperi 303 kwa mita, ikielekea kinyume cha M. Karibu na uso, upande wa ndani, ni kali zaidi: 0.581 − 1.30 = −0.719, sawa na kiloamperi 572 kwa mita. Ukivuka uso kwenda nje, B haibadiliki hata kidogo, lakini H inaruka ghafla kutoka −572 hadi +462. Mruko huo ni 1,034, ambao ndio M yenyewe. Wanaohesabu kwa nguzo za sumaku badala ya mikondo wanauita mruko huo msongamano wa nguzo kwenye uso. Njia zote mbili zinatoa B ileile. Njia ya mikondo inaipata B moja kwa moja, njia ya nguzo inaipata H kwanza.

H hii ya kinyume ina kazi katika maisha ya sumaku, kwa kuwa ndiyo inayojaribu kuipotezea usumaku wake, na umbo ndilo linaloamua ukubwa wake. Chukua kidonge cha mada hiyohiyo, kipenyo mm 10 lakini unene mm 2. B katikati yake ni 0.255 tu, kwa hiyo H inafika −832 kiloamperi kwa mita. N42 ya kawaida inahimili angalau 955 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, kwa hiyo mezani kidonge kiko salama. Kipashe hadi nyuzi 80. Uwezo wa kuhimili unashuka kwa takriban asilimia 0.6 kwa kila nyuzi moja, na unabaki karibu 610. H ya kinyume nayo inapungua, kwa sababu M imepungua kidogo, lakini inabaki kama 770. Kidonge kinapoteza sehemu ya M, na hakiirudishi kikipoa. Silinda yako ya mm 10 kwa mm 10, kwenye joto hilohilo, haiguswi katikati, kwani pale H haifiki hata 300. Kwa hiyo ile "nyuzi 80" iliyoandikwa kwenye orodha za wauzaji haifai kuchukuliwa kama ahadi kwa kila umbo. Koili ya shaba haina shida hii kabisa. Mkondo wake unaushika wewe kwa chanzo cha umeme.

Kuna anayefikiri atamaliza ubishi kwa kutoboa tundu jembamba kwenye mhimili wa sumaku na kuingiza kihisi asome ile 0.919. Neodimiamu ni mada inayovunjika kama kigae na unga wake unashika moto, kwa hiyo usiitoboe. Lakini hata ukifanikiwa hutasoma 0.919. Tundu limeleta ukuta mpya, na kwenye ukuta huo n inaelekea ndani ya tundu, kwa hiyo M × n inageuka na mkondo wa ukuta wa tundu unazunguka kinyume na ule wa ubavuni. Mkondo huo, kwenye tundu jembamba, ni kama solenoidi ndefu inayotoa −1.30. Ukijumlisha na 0.919 unasoma −0.381. Kihisi kimekuonyesha μ0·H, si B. Ili usome B ungehitaji ufa mwembamba unaokata sumaku kwa mkato, kama sumaku mbili za mm 10 kwa mm 5 zilizopangwa uso kwa uso zikiwa na nafasi ndogo mno katikati, M zote zikielekea upande mmoja. Kuta za ufa wa namna hiyo hazibebi mkondo.

Jambo hili unaweza kuliona bila kutoboa chochote, kwa pete ya feriti iliyotoka kwenye spika mbovu. Toa vyuma vyote vya mbele na nyuma kwanza, maana chuma kinabadilisha njia ya uga. Ubavu wa nje wa pete unabeba mkondo upande mmoja, ukuta wa ndani upande wa pili, na viwango vyao ni sawa. Katikati ya tundu ukuta wa ndani uko karibu zaidi, kwa hiyo unashinda na uga unaelekea kinyume cha M. Kwa pete ya kipenyo cha nje mm 20, cha ndani mm 10 na unene mm 5, uga wa katikati ni kama −0.2 mara Br. Kwa feriti ya Br 0.38 hiyo ni militesla 78 kinyume. Anza hapo katikati, kisha vuta kihisi kwenye mhimili polepole. Usomaji utashuka hadi sifuri, utabadilisha alama, utapanda upande mwingine, halafu utafifia. Kwa mbali ubavu wa nje ndio unaoshinda kwa sababu eneo lake ni kubwa zaidi. Solenoidi mbili, moja ndani ya nyingine, zenye mikondo inayopingana, zinafanya vilevile bila tofauti.

Kulinganisha sumaku yako na koili kwa mkono wako, usihangaike na koili ya mm 10. Umbo la uga linategemea uwiano tu: ukikuza kipenyo, urefu na umbali wote mara tano, grafu inabaki ileile. Kwa hiyo chukua bomba la PVC la kipenyo cha nje mm 50, uzungushe waya wa mm 0.5 tabaka moja kwa urefu wa mm 50. Inaingia mizunguko 90, yenye ukinzani wa kama ohmu 1.24. Kwa amperi 2 inahitaji volti 2.5 na inatoa wati 5, ambazo koili hiyo inazihimili kwa dakika chache. μ0·N·I/L inakuwa militesla 4.52. Bomba liko wazi, kwa hiyo unaingiza kihisi mpaka katikati, kitu ambacho sumaku haikuruhusu. Utegemee militesla 3.2 katikati, 2.0 kwenye ukingo wa koili, 0.55 kwa mm 25 toka ukingoni na 0.17 kwa mm 50.

Kihisi cha bei ndogo kama SS49E kinatosha. Kikilishwa volti 5 kinatoa karibu volti 2.5 pasipo uga, na kinabadilika kwa kama milivolti 14 kwa kila militesla. Katikati ya koili hiyo ni milivolti 45, na kwa mm 50 ni 2.4 tu. Hapa ndipo majaribio mengi yanaharibika. Zile volti 2.5 zinafuata volti za chanzo. Chanzo kikicheza kwa asilimia moja, pato linahama kwa milivolti 25 na kipimo chako chote kimezama. Dawa yake ni kusoma mara mbili kila mahali, mara ya pili ukiwa umegeuza mkondo wa koili, kisha utoe na kugawa kwa mbili. Hilo linafuta volti 2.5 na uga wa dunia kwa mpigo. Kwa sumaku fanya hivyohivyo kwa kuigeuza ncha, ukihakikisha imerudi palepale. Usiilete karibu mno, kwa kuwa SS49E inashiba karibu na militesla 100. Pima kuanzia mm 10, ambako utaona badiliko la kama volti 0.69, kisha mm 15 na mm 20, utarajie 0.29 na 0.15.

Sasa gawa. Usomaji wa sumaku kwa mm 10 ugawe kwa wa koili kwa mm 50, wa mm 15 kwa wa mm 75, na kadhalika. Kila jozi inapaswa kutoa takriban 287, ambayo ni M ya sumaku ikigawanywa kwa amperi 3,600 kwa mita za koili.

Ukipata namba moja kila mahali lakini ndogo, tuseme 250, umbo liko sawa na sumaku ndiyo dhaifu: ama ni daraja la chini kuliko lililoandikwa, ama imewahi kupashwa joto. Ukipata pungufu kwa karibu na sawasawa kwa mbali, kihisi kimezikwa zaidi ya ulivyodhani. Ongeza nusu milimita kwenye x ya sumaku na uhesabu upya. Ikiwa hakuna x inayolinganisha pointi zote, M yenyewe haiko sare, J_b huenda si sifuri tena, na mkondo fungamani unaweza kuwa umeingia ndani ya mwili. Hali hiyo ni ya kawaida kwa sumaku za zamani za chuma na za alniko, ambazo ncha zao hudhoofishwa na ile H ya kinyume. Na usitie msumari wa chuma ndani ya koili ili "ifanane zaidi na sumaku". M ya chuma laini inafuata uga inaouona, haikai ilipo, kwa hiyo koili yenye msumari haifanani tena na sumaku yako. Koili ya hewa ndiyo pacha wake.

Tahadhari moja ya mwisho kuhusu kipimo cha mbali. Watu hukagua kwa kanuni ya dipoli, B = μ0·m/(2π·z³), z ikipimwa toka katikati ya sumaku. Kwa sumaku yako m ni 0.81 A·m², na kwa mm 10 toka usoni, yaani z ya mm 15, kanuni hiyo inatoa militesla 48 badala ya 49. Usawa huo unakaribia kuwa mwema kupita kiasi, na unatokana na umbo: neno linalofuata baada ya dipoli linatoweka kwenye mhimili urefu ukiwa √3 mara nusukipenyo, na silinda yako yenye urefu wa mara 2 iko jirani na hapo. Kidonge cha mm 2 au fimbo ya mm 40 haitakupa usahihi huo kwa umbali huohuo, kwa hiyo kwa maumbo hayo tumia kanuni kamili.